Jina la alkani yenye matawi linapokataa: tafuta kosa kwa dalili zake

Wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wanaokuja twisheni hapa Chake Chake huleta lalamiko moja, kila mmoja kwa maneno yake: "Maalim, kanuni nimeifuata, mbona jibu la kitabu ni jengine?" Ukilichukua daftari ukatazama, mara nyingi unakuta kanuni anazijua. Kinachomuangusha ni mfuatano. Kanuni za IUPAC za kuipa jina alkani yenye matawi hazitumiki kwa pamoja. Urefu wa mnyororo ndio unaoamua mwanzo. Minyororo miwili ikilingana urefu, linaulizwa la wingi wa matawi. Baada ya hapo ndipo namba ndogo zinapotafutwa, na alfabeti huja nyuma ya hayo yote. Kanuni ya chini haisemi kitu mpaka ile ya juu yake ishindwe kuamua.

Nitautumia mchoro mmoja kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, kwa sababu makosa mengi yanayoletwa kwangu yanaweza kutokea juu yake.

```
           CH2-CH3
           |
CH3-CH-CH2-CH-CH-CH3
    |         |
    CH2-CH3   CH2-CH2-CH3
```

Haya ndiyo majibu ninayoyapata kwa mchoro wa namna hii:

2,4-diethili-5-propiliheksani
5-ethili-4,7-dimethilinonani
3,6-dimethili-5-ethilinonani
5-ethili-3-dimethilinonani

Yote manne yana kosa, na kila moja lina kosa la aina yake. Jina sahihi ni 5-ethili-3,6-dimethilinonani. Majina nimeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye karatasi ya mtihani yaandike kwa tahajia ya mtihani wenyewe. Herufi za mwanzo za butili, ethili, methili na propili ni zilezile, kwa hiyo mpangilio wa alfabeti haubadiliki.

Ukaguzi wa mwanzo, kabla ya kutafuta kosa lolote

Hesabu kaboni zilizomo kwenye mchoro, kisha hesabu zilizomo kwenye jina. Mchoro wetu una kaboni 6 kwenye mstari ulionyooka, 2 kwenye tawi la juu, 2 chini kushoto na 3 chini kulia: jumla 13. Jina sahihi lina nonani (9), ethili (2) na methili mbili (2), nazo ni 13. Kwa kuwa ni alkani, haidrojeni lazima ziwe mara mbili ya kaboni na kuongeza 2, yaani C13H28. Hesabu zikipishana, rudi kwenye mchoro. Kuna kaboni uliyoiruka au uliyoihesabu mara mbili, na hakuna kanuni itakayokusaidia mpaka uipate.

Ukaguzi huu lakini una mpaka wake. Lile jibu la kwanza, la heksani, nalo lina kaboni 13: heksani 6, ethili mbili 4, propili 3. Hesabu imetimia na jina bado si sahihi. Hesabu inakuhakikishia kwamba hakuna kaboni iliyopotea tu. Kama mnyororo umeuchagua vizuri, hilo ni jambo la kukaguliwa peke yake.

Dalili ya 1: Neno la mwisho la jina lako ni fupi kuliko la jibu

Wewe umeandika heksani, jibu linasema nonani. Hili ndilo kosa linaloongoza kwa mbali, na ndilo linaloharibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu ukikosa mnyororo namba zote nazo zimeshakosewa.

Sababu yake ya kawaida ni kusoma mstari ulionyooka kwenye karatasi na kudhani kwamba ndio mnyororo mkuu. Mchoraji wa swali ameilaza molekuli kwa namna moja tu. Angeweza kuichora kwa namna nyengine kumi na ingebaki ileile. Barabara ya kutoka Mkoani kwenda Konde inapinda mara nyingi, na hakuna anayesema kwamba imeishia kwenye kona. Mnyororo nao ufuate hivyohivyo: unaweza kuanzia chini, ukapanda, ukaenda kulia, ukashuka tena.

Ukaguzi mwepesi ni huu. Lichukue jina uliloliandika na utazame kila tawi limekaa namba ngapi. Methili haiwezi kukaa namba 1. Ethili haiwezi kukaa namba 2. Propili haiwezi kukaa namba 2 wala namba 3. Sababu ni rahisi: tawi likiwa refu kuliko kipande cha mnyororo kilichobaki upande huo, ungepita kwenye tawi ukapata mnyororo mrefu zaidi. Ethili kwenye namba 2 ina kaboni 2, na upande ule wa mnyororo umebaki na kaboni 1 tu. Kwa hiyo mnyororo ulipaswa kupita ndani ya ile ethili.

Upime kutoka ncha zote mbili. Katika 2,4-diethili-5-propiliheksani, ethili ya namba 2 inaonekana haraka. Ile propili ya namba 5 ndiyo inayojificha. Heksani ina kaboni 6, kwa hiyo ukihesabu kutoka upande wa pili, namba 5 ni namba 2. Propili yenye kaboni 3 imekaa mahali ambapo mnyororo umebakiwa na kaboni 1. Jina hilo linajikataa lenyewe mara mbili, bila hata kuutazama mchoro.

Kipimo hiki si cha kubahatisha. Kama kila tawi, likipimwa kwa mkono wake mrefu kabisa, halizidi kipande cha mnyororo kilichobaki upande wake wowote, basi hakuna mnyororo mrefu zaidi popote katika molekuli hiyo. Ukijaribu kupita kwenye tawi moja au kati ya matawi mawili, utapoteza kaboni nyingi au sawa na zile utakazopata. Ndiyo maana napenda wanafunzi wakizoee mapema: kinafanya kazi kwenye jina peke yake, hata dakika ya mwisho ya mtihani.

Kipimo kikikuonyesha kwamba mnyororo ni mfupi, utautafutaje ule wa kweli? Wengi hujaribu njia moja moja mpaka wachoke. Molekuli yetu ina ncha tano, na ncha tano zina jozi kumi. Kuzipitia zote ni kupoteza muda. Kuna njia ya hatua mbili ambayo haishindwi kwa alkani isiyo na duara. Anza kwenye ncha yoyote, ipendayo macho yako, na utafute ncha iliyo mbali kuliko zote kutoka hapo. Kisha simama kwenye ncha hiyo mpya na utafute iliyo mbali kuliko zote kutoka kwake. Njia ya safari ya pili ndiyo mnyororo mkuu.

Tuifanye. Naanza na CH3 ya kushoto kabisa kwenye mstari. Nikienda kulia mpaka kwenye kaboni ya tano ya mstari, kisha nikashuka kwenye lile tawi la kaboni tatu, ninafika kwenye ncha nikiwa nimehesabu kaboni 8. Hakuna ncha iliyo mbali zaidi kutoka nilipoanzia. Sasa naanza na ncha hiyo ya chini kulia. Napanda kaboni tatu, naingia kwenye mstari, naenda kushoto kaboni nne, na ninapofika kwenye ile kaboni ya pili kutoka kushoto nashuka kwenye kaboni mbili za chini. Tatu na nne na mbili ni 9. Hiyo ni nonani, na CH3 ya kushoto niliyoanzia mwanzo imegeuka kuwa tawi la methili.

Kosa la kinyume chake, lililo nadra zaidi, ni kuhesabu kaboni ya makutano mara mbili, mara moja kwenye mstari na mara ya pili kwenye tawi. Hapo jina lako litakuwa refu kuliko jibu, na ule ukaguzi wa kuhesabu kaboni zote utakukamata mara moja.

Dalili ya 2: Urefu ni uleule, lakini matawi ni tofauti

Wote wawili mmeandika heksani. Wewe una tawi moja kubwa, jibu lina matawi mawili madogo. Tazama alkani hii:

```
(CH3)2CH-CH(CH2-CH3)-CH2-CH2-CH3
```

Mwanafunzi anaona kaboni yenye tawi la kaboni tatu lililogawanyika, anaandika 3-isopropiliheksani. Hesabu ya kaboni ni 9, sawa. Urefu wa mnyororo ni 6, sawa, wala hakuna wa kaboni 7. Jibu la kitabu ni 3-ethili-2-methiliheksani.

Sababu ni kusimama baada ya kuupata mnyororo mmoja mrefu bila kuuliza kama una ndugu yake. Kanuni inasema: minyororo miwili ikilingana urefu, chukua ule wenye matawi mengi zaidi. Isopropili ni tawi moja. Ethili na methili ni matawi mawili. La pili linashinda, na mjadala umekwisha hapo; namba ndogo na alfabeti havijaitwa bado.

Utajuaje kwamba kuna ndugu? Kipimo kilekile cha Dalili ya 1 kinakwambia. Tawi likiwa sawasawa na kipande kilichobaki, bila kuzidi wala kupungua, kuna mnyororo mwengine wa urefu huohuo unaopita ndani ya tawi hilo. Mkono mrefu wa isopropili una kaboni 2, na mbele ya namba 3 zimebaki kaboni 2. Usawa huo ndio kengele. Kila unapouona, uchore mnyororo wa pili na uhesabu matawi yake kabla ya kuendelea. Tawi likiwa fupi kuliko kipande kwa pande zote, huna haja ya kutafuta.

Rudi kwenye nonani yetu: methili kwenye namba 3 ina kaboni 1 dhidi ya 2, ethili kwenye namba 5 ina 2 dhidi ya 4, na methili kwenye namba 6 ina 1 dhidi ya 3 za upande wa pili. Hakuna usawa popote, kwa hiyo mnyororo ni mmoja tu na tunaweza kuhamia kwenye namba.

Dalili ya 3: Mnyororo na matawi ni sawa, namba ndizo zinazopishana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sababu ni tatu na mbili kati yake huonekana kama akili nzuri kabisa.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida, ni kuanza kuhesabu upande ambao jicho limeanzia, bila kujaribu upande wa pili. Jibu la pili kwenye orodha yetu, 5-ethili-4,7-dimethilinonani, ni la namna hiyo. Aliyeliandika alianza chini kulia. Matawi yakakaa namba 4, 5 na 7. Akianza chini kushoto yanakaa 3, 5 na 6. Dawa yake ni kuandika safu zote mbili kwenye pambizo ya daftari, kila moja ikiwa imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, na kuzilinganisha zikiwa zinaonekana. Unaweza kuipata safu ya pili kwa hesabu pia: toa kila namba kwenye urefu wa mnyororo ukiwa umeongeza 1. Kwa nonani ni 10, na 10 ukitoa 4, 5 na 7 unapata 6, 5 na 3.

Sababu ya pili ni kujumlisha. Kuna wanaofundishwa kwamba safu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Njia hiyo inatoa jibu sahihi mara nyingi, ndiyo maana imeishi muda mrefu, lakini kanuni haisemi hivyo. Kanuni inasema ulinganishe namba kwa namba kutoka ya kwanza, na pale zinapotofautiana kwa mara ya kwanza, safu yenye namba ndogo ndiyo mshindi, hata kama namba zinazofuata ni kubwa kiasi gani. Jaribu hii:

```
(CH3)2CH-CH2-CH2-CH2-CH2-CH(CH3)-CH(CH3)-CH2-CH3
```

Mnyororo una kaboni 10. Kutoka kushoto matawi yamekaa 2, 7, 8. Kutoka kulia yamekaa 3, 4, 9. Ukijumlisha, safu ya kwanza ni 17 na ya pili ni 16, kwa hiyo mjumlishaji atachagua ya pili. Ukilinganisha namba ya kwanza na ya kwanza, 2 ni ndogo kuliko 3 na hapo umemaliza. Jina sahihi ni 2,7,8-trimethilidekani. Kama umezoea kujumlisha, acha leo. Siku swali la namna hii litakapokuja, hutakuwa na dalili yoyote ya kukuonya.

Mara nyengine namba za kwanza hufungana na unaendelea kwenye ya pili. Mfano wake maarufu uko kwenye petroli. Ule mchanganyiko unaotumika kupimia ubora wa petroli una vipimo viwili vya rejea: heptani iliyonyooka imepewa namba ya oktani 0, na alkani hii imepewa 100:

```
(CH3)3C-CH2-CH(CH3)2
```

Kutoka kushoto safu ni 2, 2, 4. Kutoka kulia ni 2, 4, 4. Namba za kwanza ni sawa, za pili ni 2 dhidi ya 4, kwa hiyo ni 2,2,4-trimethilipentani. Kumbuka pia kwamba kaboni moja ikibeba matawi mawili, namba yake inaandikwa mara mbili kwenye safu.

Sababu ya tatu ni kuiachia alfabeti ichague upande. Mwanafunzi amefundishwa kwamba ethili hutajwa kabla ya methili, akahitimisha kwamba ethili lazima ipate namba ndogo. Chukua oktani yenye methili na ethili, ambapo kutoka upande mmoja methili iko 3 na ethili 5, na kutoka upande wa pili ethili iko 4 na methili 6. Yeye ataandika 4-ethili-6-methilioktani. Safu ni 3, 5 dhidi ya 4, 6, na ya kwanza inashinda bila kujali ni tawi gani limekaa wapi. Jina ni 5-ethili-3-methilioktani. Ethili inatajwa mwanzo na bado ina namba kubwa, na hakuna mgongano wowote: mpangilio wa kutaja na mpangilio wa namba ni mambo mawili.

Alfabeti hupata kura ya namba katika hali moja tu, pale safu mbili zinapofanana kabisa. Katika alkani hii safu ni 3, 5 ukianzia upande wowote:

```
CH3-CH2-CH(CH2-CH3)-CH2-CH(CH3)-CH2-CH3
```

Hapa hakuna mshindi wa namba, kwa hiyo tawi linalotangulia kwa alfabeti linapewa namba ndogo: 3-ethili-5-methiliheptani. Ukiandika 5-ethili-3-methiliheptani, utapoteza alama kwa kosa lililo kinyume cha lile la oktani. Swali la kujiuliza kila mara ni moja: je, safu mbili zinafanana namba zote? Kama hazifanani, alfabeti ikae kimya.

Dalili ya 4: Namba zote ni sawa, mpangilio wa maneno ni tofauti

Wewe: 3,6-dimethili-5-ethilinonani. Jibu: 5-ethili-3,6-dimethilinonani. Sababu ya kawaida ni kuipanga "dimethili" kwa herufi d. Viambishi vya idadi, yaani di, tri na tetra, havihesabiwi kwenye alfabeti. Linalopangwa ni jina la tawi, na m huja baada ya e. Vivyo hivyo kwa sek- na tert- zinazoandikwa na kistari. Iso huhesabiwa, kwa hiyo isopropili hupangwa kwa herufi i.

Sababu ya pili ni kupanga kwa namba, ukitaja lenye namba ndogo kwanza. Ya tatu ni kitabu chenyewe: kanuni za zamani ziliruhusu kupanga matawi kutoka dogo kwenda kubwa, na kwenye makabati ya skuli bado kuna vitabu vinavyoandika methili kabla ya ethili. Ukikiona, kifahamu hivyo, kisha andika kwa alfabeti.

Dalili ya 5: Jibu lina namba nyingi kuliko lako

Kama umeandika 5-ethili-3-dimethilinonani, umetaja methili mbili na kutoa anwani moja. Kila tawi lina namba yake, hata yakiwa mawili kwenye kaboni moja, kama 2,2-dimethili. Hesabu: di inadai namba mbili, tri tatu, tetra nne. Namba na namba hutenganishwa kwa koma, namba na neno kwa kistari, na tawi la mwisho huunganishwa na jina la mnyororo bila nafasi.

Ukishaweka namba mbili kwenye kaboni moja, hakikisha kaboni hiyo haijapata vifungo vitano. Kaboni ya katikati ya mnyororo tayari ina vifungo viwili, kwa hiyo inaweza kubeba matawi mawili tu.

Kukagua kwa kompyuta, na mahali inapodanganya

Ukiwa na simu yenye mtandao, programu ya OPSIN iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Cambridge hupokea jina na kuchora molekuli. Majina lazima yaandikwe kwa Kiingereza:

```
5-ethyl-3,6-dimethylnonane
2,4-diethyl-5-propylhexane
```

Yaandike yote mawili, moja baada ya jengine. Utapata molekuli ileile. Programu inafuata maelekezo uliyoyaandika. Haikuulizi kama mnyororo ulikuwa mrefu kuliko yote. Kwa hiyo molekuli ikitofautiana na ya swali, jina lako hakika lina kosa. Molekuli ikiwa ileile, umejua tu kwamba umeielezea molekuli inayotakiwa, na bado unapaswa kupita kwenye Dalili ya 1 hadi ya 4 mwenyewe.

Simama hapa, muone mwalimu

Tawi likiwa na tawi lake, usikisie. Jina lake linawekwa kwenye mabano na lina namba zake zinazoanzia 1 kwenye kaboni iliyoshikana na mnyororo mkuu, na alfabeti hubadilika: ndani ya mabano herufi ya kwanza kabisa ndiyo inayohesabiwa, hata ikiwa ni ya di. Ndiyo maana 5-(1,2-dimethilipropili)-4-ethilinonani inaanza na d ingawa kule juu tulisema di haihesabiwi. Mwanafunzi anayejifundisha hili peke yake huishia kuvuruga na lile alilokuwa akilijua. Keti na mwalimu wako wa kemia kwa mifano miwili mitatu kabla ya kuendelea.

Ukikuta kifungo pacha, duara, au kikundi kama OH, weka chini mwongozo huu. Huko mnyororo mrefu si lazima uwe ndio unaoanza kuamua, na kwa vifungo pacha mapendekezo ya IUPAC ya mwaka 2013 yamebadilisha utaratibu uliomo kwenye vitabu vya kabla yake. Muulize mwalimu mtaala wako unafuata upi. Hilo si jambo la mwanafunzi kuamua chumba cha mtihani.

Swali likikutaka utaje na mpangilio wa anga, jina la namba peke yake halitoshi. Hata alkani ndogo kama 3-methiliheksani ina kaboni yenye vitu vinne tofauti, na ina maumbo mawili yanayotazamana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Hiyo ni mada ya kidato cha sita na ya vyuoni.

Na kama jina umelikuta kwenye chupa maabara, usiitumie chupa hiyo kwa kutegemea jina ulilolitengeneza mwenyewe. Pentani na heksani ni vimiminika vinavyoshika moto upesi sana. Lebo ikiwa na jina usilolielewa, lililofutika, au linaloonekana kukiuka kanuni, irudishe chupa mahali pake ikiwa imefungwa na umwite msimamizi wa maabara. Yeye atatazama namba ya CAS, ambayo ni moja kwa kila kemikali. 2,2,4-trimethilipentani, kwa mfano, ni 540-84-1, iwe lebo imeandika jina hilo au imeandika isooktani.

Ukienda kwa mwalimu na jina lililokushinda, nenda na mchoro wa swali, mnyororo uliouchagua ukiwa umepigwa mstari kwa kalamu ya rangi nyengine, na safu zote mbili za namba. Akiona hivyo vitatu ataijua ngazi uliyoteleza bila ya kukuuliza kitu.